Shangazi Aliyeiteka Hadithi

Katika gunia zima la barua za mwezi ule, aliyemtaja Mahrukh alikuwa msomaji mmoja tu, wa Sukkur, naye alitaka kujua kitambaa cha kanzu yake kilinunuliwa duka gani.

Mahrukh alikuwa mhusika mkuu wa riwaya yetu ya mfululizo. Nasema mhusika mkuu kwa sababu jina lake ndilo tulilolichapa kwa herufi kubwa, maana kwa mambo mengine usingemtambua. Barua zilizobaki, kutoka Multan, kutoka Quetta, kutoka kwa wanawake wa Kipakistani walioolewa Jeddah na Birmingham, ziliuliza kitu kimoja: Je, Shangazi Zubaida karudishiwa cherehani yake?

Mimi nilikuwa mhariri wa *Ua wa Nyumba*, jarida la wanawake lililotoka Karachi kila mwezi, kurasa mia tatu za hadithi, mapishi na dawa za chunusi. Mwenye jarida alikuwa Bwana Barlas. Bwana Barlas hakusoma hadithi. Alisoma barua. Kwake yeye hadithi zilikuwa kitu cha kuwekwa katikati ili wasomaji wapate la kutuandikia, na sikumbishia, kwa sababu alikuwa analipa kodi ya ofisi na kwa sababu kwa kiasi fulani ni kweli.

Aliniita, akayamwaga yale mabarua juu ya meza yangu, juu ya chai yangu.

“Bi Anjum, huyu Zubaida ni nani?”

“Ni shangazi wa mhusika.”

“Na mhusika?”

“Mahrukh.”

“Anafanya nini?”

Nilifikiri. “Anavumilia.”

Bwana Barlas akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa samaki wamekwisha sokoni. Halafu akatoa hukumu. Toleo la mwezi wa Shaban likitoka, na barua zikija hivi hivi, mwandishi anyang'anywe hadithi, apewe Bi Tamkeen, ambaye atambadilisha shangazi awe ndiye mwenye hadithi. Bi Tamkeen alikuwa mwandishi wetu maarufu kuliko wote. Angeweza kumalizia hadithi ya mtu yeyote, hata ambayo mwenyewe hajaianza.

“Au,” akasema Bwana Barlas mlangoni, “muueni shangazi.”

“Tukimuua watamwomboleza hadi Idi,” nikamwambia. “Mahrukh hataonekana tena kwa machozi ya watu.”

“Basi mnajua wenyewe.”

Mwandishi alikuwa Durdana Khatun, mke wa karani wa posta kule Hyderabad, Latifabad, mama wa watoto wawili. Hadithi hii ilikuwa ya kwanza kwake. Aliiandika upande mmoja wa karatasi zenye mistari, kwa mwandiko mdogo kama anayeogopa kuchukua nafasi ya watu. Nilikuwa nimeichagua mimi kutoka kwenye rundo la hadithi mia, nikampigania, na nikisema nilimpenda kabla sijamwona sitakuwa natia chumvi. Alikuwa na jicho. Hakuwa na kitu kingine nyumba ile kilichokuwa chake peke yake, aliniandikia hivyo hivyo wazi, isipokuwa Mahrukh. Sasa wangemchukulia hata huyo.

Kisa chenyewe hiki hapa. Mahrukh ni yatima, analelewa na baba yake mdogo, na mke wa baba mdogo anamfanyisha kazi kutwa. Ameposwa na binamu aliyeko Jeddah, ambaye haandiki. Mahrukh anafua, anapika, analia nyuma ya mlango wa stoo. Katika sehemu ya pili anaingia Shangazi Zubaida, mjane, dada wa marehemu baba yake. Aliletwa kwa kurasa mbili tu, aje na mtungi wa achari ya embe kisha aondoke. Lakini kumbe miaka ya nyuma aliwaazima cherehani, na wenye nyumba hawajairudisha. Basi kila sehemu Shangazi anakuja kuidai. Anatoka msibani, anakwenda harusini, anapitia hapo katikati. Hakai chini. Anasimama uani na mkoba wake kwapani, anamwambia mke wa kaka yake, “Sikuja kunywa chai, chai ninayo kwangu. Kwangu sina cherehani.” Anazungushwa, anaondoka, mwezi ujao yupo tena.

Hata Ustadi Wajid, mwandika hati wetu, aliyenakili jarida zima kwa kalamu ya tete, alikuwa anacheka peke yake akifika kwa Shangazi, na akifika kwa Mahrukh anapiga miayo. Ustadi Wajid alikuwa na mambo yake mengi, lakini hadithi hii si yake.

Nilimwandikia Durdana nikamweleza hukumu. Jibu lake lilikuja pamoja na sehemu mpya. Shangazi alikuwa na homa. Alikuja amejifunga shuka, akasema maneno machache ya upole, akasahau kabisa habari ya cherehani, akaenda zake. Mahrukh alilia kurasa tano zaidi.

Nilizisoma kurasa zile mara mbili nikaona hasira inanipanda. Kumfifisha mhusika wa pembeni ili wa katikati apate kuonekana ni sawa na kuzima taa za jirani ukidhani kwako patang'aa. Wasomaji wangeandika wote kuuliza Shangazi anaumwa nini. Wangetuma dawa. Nikafunga mkoba, nikapanda basi la Hyderabad.

Nilifunguliwa mlango na Shangazi Zubaida.

Sisemi alifanana naye. Nasema alikuwa ndiye. Mwanamke mfupi mpana, mwenye ukungu wa mtoto wa jicho na sauti ya mtu anayeita kuku.

“Wewe ndiye wa gazeti? Mbona mwembamba? Hawawalishi huko? Ingia, mwanangu, ingia, vua viatu, usivue, sakafu ina baridi. Durdana! Mgeni!”

Huyu alikuwa Mama Qamar, mama mkwe wake Durdana. Durdana mwenyewe alitoka jikoni, mwanamke mrefu aliyejikunja, akanisalimia kwa kichwa, akarudi jikoni. Tulikaa sebuleni mimi na Mama Qamar.

“Safari ilikuwaje?” nilimwuliza Durdana alipoleta chai, maana alikuwa karibuni ametoka kwao Nawabshah.

“Ilikuwa mbaya,” akajibu Mama Qamar. “Basi liliharibika.”

“Watoto hawajambo?”

“Mkubwa ana kikohozi. Mdogo mtundu, kachukua kwangu.”

“Na hadithi inakwendaje, Durdana?”

“Inakwenda vizuri sana,” akasema Mama Qamar. “Mtaa mzima unajua kuwa Zubaida ni mimi. Muuza mboga ananiuliza habari ya cherehani. Mimi sijawahi kuazima mtu cherehani maisha yangu, lakini nimemwambia bado wananizungusha.”

Durdana akaweka sahani ya samosa, akatoka. Nilimhesabia maneno: hakuwa na hata moja. Na Mama Qamar hakuwa mtu mbaya, Mungu ni shahidi. Alikuwa anachekesha, ana moyo, aliniwekea samosa sahanini hadi nikaomba radhi. Nilikuwa nimemjia Durdana kutoka Karachi, na saa nzima ikapita namtazama Mama Qamar. Asiyekuwepo na lake halipo, hata kama yupo jikoni hatua chache.

Nikasema nataka kujifunza achari ya nyumba hii inavyopikwa. Mama Qamar akafurahi, akasema Durdana anajua, yeye anakwenda kuswali adhuhuri na kujinyoosha kidogo. Ndivyo nilivyompata mtu wangu.

Jikoni nilizitandaza karatasi juu ya mfuniko wa debe la unga.

“Homa hii itoke,” nikasema.

“Lakini Dada, ulisema Shangazi anameza hadithi.”

“Anaimeza kwa sababu ana njaa. Kosa si lake. Shangazi anataka nini?”

“Cherehani.”

“Nani anamzuia?”

“Mke wa kaka yake.”

“Anafanya nini kuipata?”

“Anakuja. Anasema. Anarudi tena.”

“Vizuri. Mahrukh anataka nini?”

Alichukua kitunguu akaanza kukimenya, na hakuna aliyemwomba kitunguu. “Anataka kusiwe na ugomvi.”

“Huko si kutaka, mdogo wangu. Huko ni kusubiri. Umeweka uani mtu anayetaka kitu na mtu anayesubiri, halafu unashangaa macho ya watu yanakwenda wapi?”

“Ni desturi ya jarida,” akasema polepole. “Mhusika wenu lazima awe mwema. Kila hadithi niliyosoma kwenu, msichana mwema hadai kitu. Akidai wasomaji wanamwona mroho.”

Hapo alinikamata, kwa sababu ni kweli. Desturi yetu ilikuwa kwamba msichana akikaa kimya vya kutosha mambo yatajinyoosha yenyewe kufikia toleo la mwisho. Uroho, uongo, ulimi na mikutano ya siri tuliwaachia wahusika wa pembeni. Yaani chumvi yote tuliwapa wao, kisha tukawalaumu kwa kuwa na ladha.

“Achana na desturi kwanza,” nikamwambia. “Tupitie.”

Tulipitia mstari kwa mstari. Kulikuwa na muuza maziwa aliyeitwa Allah Ditta, mwenye wake wawili na kesi ya shamba. Nilimwuliza kesi ile itaishaje. Hakujua. Nikamwambia ukimpa mtu jina, wake na kesi, msomaji anamwekea kiti na kukaa kumngoja. Tukamnyang'anya jina, wake na kesi. Tukambakizia kitu kimoja, kwamba kabla ya kupima maziwa anayaonja mwenyewe kwa kidole na kukunja uso, kama na yeye hayaamini. Durdana alicheka kwa mara ya kwanza. Muuza maziwa akawa mzima kuliko alivyokuwa na wake wawili, na baada ya mstari huo akaenda zake kwa amani.

Kisha tukafika kwa Shangazi. Palikuwa na ukurasa mzima ambapo hadithi inaingia kichwani mwake: usiku aliofiwa, namna mumewe alivyomnunulia cherehani ile kwa mshahara wake wa mwisho, namna anavyosikia mlio wake ndotoni. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote. Nikaukata kwa mstari.

Durdana akaushika mkono wangu. “Dada, hapana. Hapo ndipo anapoishi.”

“Uache ubaki kwako. Wewe ujue, mimi nijue, msomaji asiambiwe. Hadithi hii inaona kwa macho ya Mahrukh. Ukiingia kichwa kingine ghafla, hata kwa ukurasa mmoja, umewapa watu mlango wa pili, na mlango wa pili una mandhari nzuri zaidi. Mahrukh anaona nini kwa Shangazi?”

Alifikiri. “Kwamba hakai chini. Nyumba nyingine anakaa. Hapa hakai.”

“Anajua kwa nini?”

“Hajui. Anajiuliza tu.”

“Hilo libaki. Mstari mmoja. Sasa tunamwona Shangazi, na tunamwona Mahrukh anayemtazama.”

Aliandika. Halafu nikamwonyesha mwisho wa kila onyesho. Kila mara Shangazi akitoka, anatupa neno kali mlangoni, na onyesho linakwisha hapo. Neno la mwisho ndilo msomaji analolala nalo. Nikamwambia maneno asiyafute, hata moja, ayasogeze tu katikati. Shangazi aseme, watu wacheke, kisha atoke, na baada ya yeye kutoka Mahrukh afanye kitu.

“Afanye nini?” akauliza Durdana, na sauti yake ilikuwa na ukali kidogo. “Ndiyo shida yangu, Dada. Hana la kufanya.”

“Alasiri hufanya nini, wenye nyumba wakilala?”

“Anashona.”

Nilikuwa nimesoma sehemu zote za hadithi ile na sikuwahi kuona sindano. “Anashona nini?”

“Mapindo ya mikono ya kanzu za watu. Majirani wanampitishia dirishani. Anataka ada ya chuo cha uuguzi Karachi.” Alisema kama anayekiri wizi. “Nimelijua tangu mwanzo. Sikuliandika. Mhusika wa jarida hatakiwi kuwa na siri.”

“Anashonea cherehani gani?”

Tukatazamana. Maji ya wali yakachemka yakamwagika motoni, na hakuna aliyesogea.

“Mungu wangu,” akasema Durdana. “Ya Shangazi.”

Nikazima jiko. Sasa kumbe kila Shangazi alipokuja uani kudai chake, Mahrukh alikuwa na sababu ya kuogopa. Hatukuhitaji kupunguza hata unywele wa Shangazi. Kadiri anavyodai kwa nguvu, kadiri anavyochekesha, ndivyo msichana yule anavyobanwa.

“Basi amwombe,” nikasema kwa haraka. “Amfuate Shangazi njiani, amlilie, amweleze habari ya chuo—”

“Hapana.”

Niliinua kichwa. Ilikuwa ni mara ya kwanza kunikatiza.

“Akimwomba, Shangazi atampa,” akasema Durdana. “Namjua. Atalia, atatukana, atampa. Na akimpa, mwezi ujao gunia zima litamsifu Shangazi kwa ukarimu wake. Mahrukh atakuwa amepokea tu. Tutarudi pale pale.”

Miaka yangu yote ya uhariri, na nilikuwa karibu kuikabidhi hadithi kwa Shangazi kwa mkono wangu mwenyewe, nikiona ni wema.

“Basi asiombe,” nikasema.

“Asiombe.” Alifuta mikono kwenye shela yake, akachukua kalamu. “Achukue.”

Aliandika pale pale amesimama, karatasi juu ya debe, nami nikamenya vitunguu vyake. Katika sehemu ile Shangazi anakuja na mpwa wa jirani na mkokoteni. Safari hii hakubali. Anapiga kelele hadi mtaa mzima unatoka, na mke wa kaka yake kwa aibu anasalimu amri. Cherehani inatolewa stoo, inawekwa uani, Shangazi anaijaribu mbele ya mashahidi. Haishoni. Uzi wa chini haushiki. Anainamisha kichwa anatazama ndani, na kile kidude cha chuma kinachoshika bobini ya uzi huo hakipo. Wote wanamgeukia mke wa kaka, ambaye anaapa kwa wanawe. Shangazi anamtukana tusi ambalo Ustadi Wajid baadaye alilinakili huku anafuta macho. Anasema hachukui cherehani kilema, warudishe ndani hadi kidude kipatikane, anaondoka na mkokoteni mtupu. Na Mahrukh, ambaye sehemu nzima amekuwa akihudumia watu maji kwa mkono wa kushoto, anarudi stoo na kuufungua mkono wa kulia.

Hapo pakaishia.

Mama Qamar aliamka alasiri, akadai chake. Kwa kuwa macho yake yalikuwa hayasomi, ilikuwa ada ya nyumba ile kwamba kila sehemu asomewe kabla ya kwenda posta. Alikaa kitandani amekunja miguu, Durdana akasoma. Alicheka kwa muuza maziwa. Kwenye mkokoteni alipiga makofi. Kwenye tusi alisema, “Hilo nililisema mimi, kwa mke wa mwenye duka.” Kisha ikafika stoo, mkono wa kulia, na Durdana akaishusha karatasi.

“Endelea,” akasema Mama Qamar.

“Imekwisha, Mama.”

“Imekwishaje? Kidude anacho yeye?”

“Anacho yeye.”

“Kamwibia Zubaida?” Aliteremsha miguu. “Msichana gani huyu? Aliyelelewa na nani? Yule ni shangazi yake! Angemwomba tu! Zubaida angempa! Ningempa mimi, sembuse Zubaida!”

“Ndiyo maana hakuomba, Mama.”

“Maneno gani hayo? Andika arudishe. Chukua kalamu. Aende mbio, amkute njiani, aseme Shangazi nisamehe. Andika.”

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli. Ningeweza kusaidia. Ningeweza kusema mimi ni mhariri, mama, hili ni langu. Nikamwachia Durdana. Durdana alizikunja karatasi mara mbili, akazitia kwenye bahasha, akalamba gundi.

“Hapana, Mama,” akasema. “Kinabaki mkononi mwake.”

Mama Qamar alimtazama kwa macho yake yale ya ukungu. Halafu akanigeukia mimi, akaniambia kwamba basi la mwisho la Karachi lina dereva mlevi, niwahi la kabla yake, na kwamba nimekonda.

Sikumwonyesha Bwana Barlas sehemu ile. Si kwamba nilimficha. Iliwekwa juu ya meza yake kama nyingine zote, naye akaweka chai juu yake kama nyingine zote. Nilimwambia Ustadi Wajid ainakili mapema, na alipofika mwisho alikuja mlangoni kwangu na kalamu mkononi, akasimama, akasema “Hm,” akarudi. Toleo la Shaban likatoka. Nilikuwa sipati usingizi. Niliogopa kwamba tumemharibia jina msichana wa watu bure, na kwamba Durdana, baada ya ile hapana yake moja, atanyang'anywa hadithi na kubaki na vitunguu.

Gunia lilipokuja, Bwana Barlas alijifungia nalo. Alitoka uso umekuwa mwekundu.

“Bi Anjum. Wanamtukana.”

“Nani?”

“Huyo mhusika wako! Mwizi, mnafiki, kimya chenye mshindo, nyoka wa stoo! Mwanamke wa Larkana anataka achapwe. Mwanafunzi wa uuguzi wa Lahore anasema atakayemchapa ataanza na yeye. Tangu lini mhusika wa jarida langu anaiba?”

“Wanamtukana kwa jina?”

“Kwa jina!”

“Zote?”

Aliangalia gunia. Akaniangalia mimi. Nilimwona anahesabu moyoni, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani.

“Zote,” akasema.

“Na Shangazi?”

“Wanamhurumia. Wanasema hajui aliyemwibia ni nani.” Alikaa. “Kila mmoja anataka kujua msichana atasema au hatasema.”

“Na hadithi bado inakwenda kwa Bi Tamkeen?”

Bwana Barlas alisugua paji la uso. “Bi Tamkeen kapiga simu jana. Anauliza msichana atasema au hatasema.”

Akatoka. Nikacheka peke yangu hadi Ustadi Wajid akaja kuona kuna nini. Nikampelekea Durdana habari kwa telegramu ya maneno matatu: HADITHI NI YAKO. Ofisi ya telegramu ilitoza maneno kumi hata hivyo, na sikujali.

Barua ya Latifabad ilikuja siku chache baadaye, nikadhani ni jibu lake. Ulikuwa mwandiko wa mtoto wa shule, mkubwa na wa kupanda mlima. Mama Qamar alikuwa amemwita binti wa jirani amwandikie, akaituma kama wasomaji wengine, kwa anwani ya barua za wasomaji. Alianza kwa kunisalimia na kuuliza kama nimenenepa. Kisha akaandika hivi:

“Huyo Zubaida siulizi habari zake. Zubaida namjua. Ataipata cherehani au ataikosa, na vyote viwili atatukana, kisha ataenda harusini. Anayeninyima usingizi ni huyu msichana. Nilidhani ni mtu wa machozi tu. Niko naye nyumba moja tangu mwanangu alipomleta, anapika ninachokula, ananisomea, na sikujua kuwa ana kitu mkononi. Namwuliza jikoni, mwanangu, unataka kufanya nini? Ananiambia, Mama, ngoja mwezi ujao. Sasa nakaa kule kule jikoni, namtazama akiandika. Sisemi neno. Mwanangu Anjum, wewe ni mkubwa wa gazeti, kama unajua anataka nini niambie, nami nitajua namna ya kumsaidia.”

Niliisoma barua ile nikalia, sina haja ya kuficha, mlango ukiwa wazi na Ustadi Wajid akipita na wino wake. Sikuichapa. Nilimjibu siku ile ile kwamba mimi sijui, kwamba anayejua ni Durdana peke yake, na amngoje.